Utaridi au Zebaki? Majina ya sayari, kukopa na kutunga

Mwalimu wa Tabora
Naandika kijitabu cha anga kwa watoto wa darasa la sita. Kitabu nilichosomea mimi kiliita sayari ya kwanza Zebaki, ya sita Sarateni, ya saba Zohali na ya nane Kausi. Kwingine nakuta Utaridi, kwingine Merkuri. Nifuate Kiingereza, Kiarabu, au nitunge majina ya Kiswahili tupu? Na ile njia ambayo sayari hupita kulizunguka jua niiite nini?

Bin Nahodha, Unguja
Maalim, hicho kitabu chako kimechanganya mambo matatu, na ukiyatenganisha nusu ya kazi imekwisha.

Sayari tano zinaonekana kwa macho bila darubini, na watu wa falaki na mabaharia wa pwani hii walikuwa na majina yake tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa asili ni Kiarabu, lakini yameshakaa kwetu muda mrefu. Zohali ni ile yenye pete, ya sita kutoka kwenye jua. Sasa Sarateni imetoka wapi? Saratani ni kaa, na ni mojawapo ya buruji kumi na mbili, yaani makundi ya nyota ambamo jua huonekana likipita kwa mwaka. Kausi nayo ni upinde, buruji vilevile. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyo sayari. Nadhani aliyetafsiri alisikia Saturn na Sarateni zinakaribiana kwa sauti, akaziunganisha. Zohali ikabaki haina kazi, akaisukuma kwa jirani yake.

Zebaki ni kosa la namna nyingine. Zebaki ni ile madini ya majimaji iliyomo kwenye kipimajoto cha zamani. Waingereza wana neno moja kwa madini hiyo na kwa sayari ya kwanza. Sisi tunayo mawili. Mtafsiri akabeba neno moja, akatupotezea tofauti tuliyokuwa nayo tayari.

Mkulima wa Mahenge
Mnavyosema "kwetu" nashangaa. Utaridi ni Kiarabu, Merkuri ni Kizungu, na mtoto wa Mahenge vyote viwili ni vya kukariri. Wazee wetu walikuwa na maneno ya anga. Kilimia, lile kundi la nyota, kimetokana na kulima, kwa sababu kilitumika kuhesabu majira. Kimondo ni chetu. Kwa nini tusitunge sayari zote kwa mizizi ya Kibantu, tuachane na ukopaji?

Bin Nahodha, Unguja
Kuhusu Kilimia nakuunga mkono kwa mikono miwili, ndugu yangu. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwalimu akikiacha nje ya kijitabu nitalalamika. Lakini tazama: "sayari" yenyewe ina asili ya Kiarabu, "darubini" ni ya Kiajemi, na "mhimili" umetoka kwenye himili, nalo ni neno la Kiarabu. Hata usanisinuru, ambao tunausifu kuwa tumeutunga wenyewe, una nuru ndani yake, Kiarabu tena. Ukiyaondoa haya yote, utaandika nini kwenye ukurasa wa kwanza?

Muuguzi, Mbeya
Samahani, nimeona saratani nikaja. Sisi wodini tunaambiwa tuandike saratani, lakini wagonjwa wengi wanaijua kansa. Mama mmoja aliambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi, akafurahi, akanishika mkono: "Afadhali, nilidhani ni kansa." Ilibidi nikae naye upya kumweleza. Tangu siku hiyo nasema yote mawili, la kwanza lile analolijua. Mnapochagua maneno, anayeumia ni mtu wa namna hiyo.

Mwalimu wa Tabora
Dada, pole kwa siku hiyo. Haliko mbali na swali langu. Wazazi watakaofungua kijitabu walisomea Zebaki kama mimi. Nikiandika Utaridi peke yake, watamwambia mtoto mwalimu wako amekosea.

Mhariri wa vitabu, Dar
Basi fanya kama muuguzi. Mahali pa kwanza andika "Utaridi, ambayo baadhi ya vitabu huiita Zebaki", kisha baki na Utaridi hadi mwisho. Kwa Zohali usifanye hivyo. Zebaki ina majina mawili kwa kitu kimoja, na hilo linavumilika. Zohali ina sayari mbili kwa jina moja, na mtoto atachora pete mahali pasipo pake. Hapo sema wazi kwamba vitabu vingine vimekosea.

Sayari ya saba na ya nane kopa bila aibu: Uranusi na Neptuni. Ya saba iligunduliwa mwaka 1781 na ya nane 1846, zote kwa darubini. Hakuna nahodha wala mnajimu wa kale aliyezipa jina, na Waarabu wenyewe wamekopa majina hayohayo. Ukizitungia jina hapa, mtoto akifika sekondari atajifunza upya na hatakuwa amefaidi kitu.

Kutunga kunapofaa ni kwenye maneno ya kazi, yanayohitaji kuzaa vitenzi. Mimi huandika kwanza sentensi nitakazozihitaji, ndipo natafuta jina. Jaribu hizi: dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, tunapata usiku na mchana, dunia hulizunguka jua, tunapata mwaka. Kuna mizunguko miwili hapo, na kiambishi "ji" peke yake kinaitenganisha. Ukikopa majina mawili ya Kizungu, mtoto atakariri asijue lipi ni lipi. Lakini usiandike "mzunguko wa dunia" ukaishia hapo, maana jina hilo halisemi ni upi. Nimesahihisha miswada mingi yenye kasoro hiyo, na huijui mpaka umwulize mtoto "wa siku au wa mwaka?" akabaki anakutazama.

Mkulima wa Mahenge
Hiyo ya "ji" nimeikubali. Basi ile njia iitwe mzingo. Imetoka kuzinga, ni yetu kabisa.

Mhariri wa vitabu, Dar
Ingekuwa nzuri, ila darasa hilohilo linajifunza mzingo kwenye hisabati, na huko ni urefu wa kuzunguka umbo zima. Atakayeulizwa "mzingo wa dunia" atatafuta kamba ya kupimia mpira. Mimi nitumie obiti. Haina mgongano wowote.

Mwanafunzi, Eldoret
Obiti haizai kitenzi, kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe imeshindwa. Kwetu tumefundishwa tarakilishi, nikavuka mpaka nikakuta kila mtu anasema kompyuta. Sikupungukiwa kitu, nilielewa. Watoto wanavumilia kuliko mnavyodhani. Mzingo wa sayari na mzingo wa duara unatambulika kwa sentensi.

Mhariri wa vitabu, Dar
Kitenzi tayari kipo, ni kuzunguka. Kinachokosekana ni jina la njia tu. Ila nakiri, hoja yako kuhusu sentensi ina uzito kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili bado sijashawishika.

Bin Nahodha, Unguja
Andika "njia ya sayari" tu. Watu wanaijua njia.

Mwalimu wa Tabora
Shukrani zenu wote. Majina matano ya zamani yanabaki, Uranusi na Neptuni nimezikopa, na Kilimia kimepata ukurasa wake. Nimerudia rasimu nikakuta "mzunguko wa dunia" mara saba bila kusema ni upi. Nimezibadilisha zote kuwa vitenzi. Obiti, mzingo na njia ya sayari nimeviandika kwa penseli pembeni. Wiki ijayo nitawagawa watoto makundi matatu, kila kundi lisome ukurasa uleule wenye neno moja kati ya hayo, kisha wachore. Nitaleta michoro hapa.