Redio ya maongezi mtandaoni: tubaki na MP3 128 au tuhamie Opus 24?

kaka_mitambo: Wadau, tuna karedio ka jamii, maongezi matupu, muziki hakuna zaidi ya kile kimlio cha taarifa ya habari. Laivu ya kwenye tovuti inatoka Icecast, MP3 128 stirio. Wasikilizaji wengi wako vijijini, laini zinasuasua, wanalalamika inakatakata. Mwenzangu anataka tuhamie Opus kilobiti 24 kwa wote, mimi naogopa sauti itaharibika. Mnasemaje?

fundi_masafa: Mwenzako yuko sahihi. Stirio ya nini kwa mtu mmoja na maiki moja? Opus 24 mono kwa maongezi inasikika safi kabisa, na saa nzima inakula kama MB 11 badala ya 58. Lakini bando ni nusu tu ya habari. Icecast mtu akiunganisha inammwagia kwanza furushi la baiti 65535, ndiyo `burst-size` kama hujaigusa. Kwa 128 furushi hilo ni sekunde 4 za sauti, laini ikipepesa kidogo tu umekwisha. Kwa 24 furushi lile lile ni sekunde 21. Yaani bafa imekuwa mara tano na hujabadilisha kitu kingine chochote.

Mwana_Data: sasa kama kushusha ndo dawa si mshuke mpaka 8 kabisa? maongezi si maongezi tu, simu ya kawaida mbona tunaelewana

fundi_masafa: Kwenye simu unaelewana kwa sababu ukikosa neno unauliza "umesema?", redio huiulizi. Ukishuka huko enkoda inakata masafa ya juu, na s na f zinaishi huko juu, mtangazaji akisoma majina ya vijiji usivyovijua unabaki kukisia. Mimi chini ya 16 siendi. Na kama studio ina feni inavuma, hata 24 itasikika chafu maana enkoda inatumia biti kuhifadhi mvumo wa feni, zimeni feni kwanza jamani.

Bi_Kidawa: Sisi tunarusha taarab kila Alhamisi usiku, nikajaribu hiyo 24 qanuni ikawa kama imefunikwa blanketi, msimdanganye mwenzenu

fundi_masafa: Dada yangu, kasema maongezi matupu. Kwa taarab nenda 64 au zaidi, stirio yako ubaki nayo.

otis_wa_seva: Nyote mmeruka swali la maana. Inakatakata *vipi*? Kama inasimama kila baada ya sekunde chache halafu inaendelea, laini haiwezi kubeba bitireti, hapo kushusha kunasaidia. Ila kama inacheza vizuri dakika kadhaa halafu inakufa kabisa mpaka mtu abonyeze plei upya, hiyo ni konekisheni imevunjika, mtu kahama mnara au IP imebadilika, na hata uweke 6 itakufa tu. Dawa yake ni HLS, sauti inakatwa vipande vya faili, kipande kikikwama simu inakiomba tena.

fundi_masafa: Kweli nusu. Kipande cha sekunde 6 kwa 24 ni KB 18, na kila kimoja kina ombi lake, plus ile orodha ya vipande inaombwa tena na tena. Kwenye laini ambayo ombi linasubiri sekunde mbili kujibiwa unalipa nauli kubwa kuliko mzigo. Na Icecast inamvumilia aliyebaki nyuma mpaka `queue-size` ijae, baiti 524288, kwa 24 hiyo ni karibu dakika 3, kwa 128 ni nusu dakika tu.

otis_wa_seva: Inamvumilia kama konekisheni iko hai bana! Ikivunjika hiyo foleni haimsaidii. Weka vipande vya sekunde 10 maombi yatapungua, mimi sibadiliki.

kaka_mitambo: wengi wanasema inasimama inaendelea, inasimama inaendelea. Na wenye aifoni je

fundi_masafa: Basi kwa wengi wao tatizo ni bitireti. Aifoni za zamani hazichezi Opus ya Ogg, ndiyo maana "kwa wote" ya mwenzako siikubali. Rusha mbili, ya pili MP3 mono 48, brauza inachukua ya kwanza inayoiweza:

```
<audio controls preload="none">
  <source src="/laivu.opus" type="audio/ogg; codecs=opus">
  <source src="/laivu.mp3" type="audio/mpeg">
</audio>
```

Hiyo `preload="none"` usiisahau, bila hiyo brauza inaweza kuanza kuvuta sauti mtu hajagusa plei. Halafu enkoda ya Opus ilishwe kutoka miksa moja kwa moja, usichukue MP3 yenu ukaigeuza, makwaruzo yatajumlishwa.

Bi_Kidawa: na kipindi cha kupiga simu mmekifikiria? sekunde 21 nyuma, mtu yuko hewani anajisikia mwenyewe kwa nyuma anachanganyikiwa

fundi_masafa: Hapo umenipata. Mtangazaji awaambie wafunge strimu kabla hajawaunganisha, au mpunguze `burst-size` mrudishe kukatika. Huwezi pata vyote.

otis_wa_seva: HLS ndo itachelewa zaidi ya hapo kwa kweli. Ila haifi.

kaka_mitambo: Naweka zote mbili wiki hii, MP3 128 naizima. Wale wa kubonyeza plei upya nikiwaona bado wapo nitarudi kwa otis.

Mwana_Data: mi bado naona 12 inatosha 😅