Ushauri: nijisomee, niingie darasa la kundi, au nichukue mwalimu binafsi? (Kijerumani B1)

Mshumaa: Wakuu, habari zenu. Najiandaa na mtihani wa Kijerumani ngazi ya B1, ule wa Taasisi ya Goethe. Nikitoka kazini nabaki na saa moja tu kwa siku. Akiba yangu inatosha darasa la kundi la wiki nane, au masaa sita ya mwalimu binafsi, basi. Au nijisomee? Usingizi sipati, nisaidieni.

Ngamia: Jisomee. Kusoma na kusikiliza nilifaulu kwa kitabu na simu, sikumlipa mtu. Watu mmezoea kutafuniwa.

Mama Wawili: Mimi gitaa lilinitesa mwaka mzima kwa video. Mwalimu alinitazama dakika tano, akaniambia kidole gumba nimekikaza mno. Mkono ukaacha kuuma wiki ileile. Chukua mwalimu, mwanangu.

Kaunta: Mtoa mada, mtihani lini, na unaanzia wapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Mshumaa: Baada ya wiki tisa, nimeshalipia. Msingi ninao.

Kaunta: Msingi gani? Umewahi kuufanya?

Mshumaa: Ndiyo, nilishaufanya. Kusoma 73, kusikiliza 67, kuandika 50, kuzungumza 56. Sikutaka kulisema kwa sababu nyumbani wanajua nilifaulu. Ila kuna mwalimu nimeongea naye, anasema shida yangu ni sarufi na ataianza upya kwa masaa yote sita. Nimeshamwahidi, na naona ana hoja.

Mzee wa Alfajiri: Kwanza kawaambie ukweli wa nyumbani. Uongo unachosha kuliko masomo.

Jicho Kavu: Hii ni chai. Mara anajiandaa, mara alishafanya, mara kuna mwalimu tayari. Huyu ndiye mwalimu mwenyewe, anatafuta wateja.

Mshumaa: Ndugu, ningekuwa natafuta wateja ningetaja jina. Jana nilijipima kuandika kwa saa, dakika 60 kama kwenye mtihani. Barua pepe ya kwanza kwa rafiki ilikula dakika 35. Ya tatu niliandika salamu tu, muda ukaisha.

Kaunta: Hapo ndipo tatizo lako lilipo, na wala si sarufi yote. Alama ya kufaulu ni 60 kwa kila sehemu, na sehemu zinarudiwa mojamoja, kwa hiyo kusoma na kusikiliza achana nako. Hapo Ngamia yuko sahihi, unaweza kujisahihisha kwa majibu ya nyuma ya kitabu. Barua yako mwenyewe haina majibu nyuma ya kitabu. Pesa iende huko.

Masaa sita yagawe nusu nusu, yawe vipindi 12. Andika nyumbani kwa saa, mtumie siku moja kabla. Mwombe apige mstari chini ya kosa bila kulirekebisha, wewe urekebishe, kisha kwenye kipindi mjadili yaliyokushinda tu. Makosa yaandike kwenye daftari. Naamini hayatazidi aina tano au sita zinazojirudia.

Mshumaa: Kweli, jana niliandika "weil ich habe keine Zeit" mara mbili. Kanuni naijua kabisa, kitenzi kinakwenda mwisho: "weil ich keine Zeit habe". Mkono ndio unakimbia.

Kaunta: Umeona? Kufundishwa "weil" upya ni kulipia unachokijua. Mwalimu akikataa kusoma kazi yako kabla ya kipindi, tafuta mwingine.

Mama Wawili: Na darasa la kundi je? Kuzungumza si ndiko kunafanyika huko?

Kaunta: Inategemea idadi, mama. Wakiwa 12 kwa dakika 90, mwalimu akiongea nusu ya muda, kila mmoja anabaki na dakika zisizofika nne. Lakini mtihani wa kuzungumza kwa kawaida ni wa watu wawili: mnapanga jambo pamoja, kila mmoja anawasilisha mada, mnaulizana maswali. Mwenzi mmoja anayejiandaa na mtihani huohuo, mara mbili kwa wiki, mkijirekodi, atakusaidia zaidi na bure.

Ngamia: Sikubali. Wawili wasiojua wataambukizana makosa.

Kaunta: Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana nikasema mjirekodi. Dakika tatu za sauti apelekewe mwalimu.

Jicho Kavu: Ukiwa mkweli, rudi na alama za sehemu mbili hizo. Mimi bado sijaamini.

Mshumaa: Nitaleta mrejesho. Mwalimu nimemwandikia sasa hivi, nimemwomba nusu saa na asome kazi kabla. Hajajibu. Mwenzi wa kuzungumza sina, kama kuna mtu humu anayefanya B1 aje PM, jioni baada ya saa mbili.