Mrejesho: mguu wa mama wenye matende

Niliuliza: "Mama yangu, mkazi wa Pangani, ana matende ya mguu wa kushoto, na kila mwezi hupata homa na mguu kuwaka moto. Tufanyeje?"

Nawashukuru nyote. Tuliuosha mguu kila jioni kwa maji safi na sabuni, tukaukausha taratibu hasa katikati ya vidole, tukapaka dawa ya fangasi penye michubuko, na alipolala tukauinua juu ya mto. Katika miezi 6 homa imerudi mara moja tu, aliposafiri akaacha kuosha, ikatibiwa kwa antibiotiki zahanati. Unene umepungua kidogo mno, kwa kuwa mishipa ya limfu iliyoharibiwa na minyoo haiponi. Kaka yangu mwenye busha alihitaji upasuaji, naye amekwisha kufanyiwa. Majirani waliokuwa wakiogopa kumgusa mama sasa wanajua kwamba waenezaji ni mbu.