Mjadala: Sukari imeshuka kwa panya, je, naruhusiwa kuandika "binadamu"?

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Moshi
Nimefanya utafiti wa majani ya mti mmoja wa huku kwetu (jina nalihifadhi, makala haijatoka). Panya wenye kisukari, miligramu 400 za dawa kwa kila kilo ya uzito, siku 14, sukari ikashuka kutoka 18 hadi 9. Mhakiki amekata sentensi yangu ya mwisho: "Majani haya yanaweza kutumika kutibu kisukari kwa binadamu." Nimesema *yanaweza*, sijasema yanatibu. Kosa liko wapi?

Mwenye duka la dawa, Kiboriloni
Kosa liko kwenye hesabu, mdogo wangu. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo hicho anatakiwa anywe gramu 24 za dawa iliyokamuliwa kila siku. Ukijaaliwa kupata gramu 10 za dawa kwenye kila gramu 100 za majani makavu, hiyo ni robo kilo ya majani kwa siku. Nani atakunywa gunia? Mhakiki kakusitiri tu.

Mama wa Pasua
Hawa wasomi ndio wanaotumaliza. Mama yangu mzazi alikuwa na sukari 15, akanywa majani mwezi mmoja, ikaja 7. Panya wa nini wakati mtu mzima yupo? Mnataka kutupiga marufuku dawa zetu halafu Mzungu aje kuzifunga kwenye vidonge atuuzie.

Mfamasia, Shanty Town
Shikamoo mama. Hakuna anayepiga marufuku, mwanafunzi anauliza sentensi gani aiandike. Ila nikuulize: huo mwezi bibi alikuwa bado anameza vidonge vyake vya kisukari, metformini? Na ugali alikula kama zamani?

Kaka wa Kiboriloni, umezidisha vizuri lakini umemchukulia panya kama mtu aliyepunguzwa ukubwa. Mnyama mdogo huchoma chakula haraka na huitoa dawa mwilini haraka, kwa hiyo kwa kila kilo anahitaji dawa nyingi kuliko sisi. Kutoka panya mdogo wa maabara kwenda kwa mtu mzima tunagawa kwa 12.3. Mia nne inakuwa kama 32.5 kwa kilo, na mtu wa kilo 60 anafika gramu 2 kwa siku. Hizo ni gramu 20 za majani makavu, yaani birika la chai chungu. Linanyweka. Kwa hiyo wingi wa dawa haumwangushi huyu kijana.

Lakini na yeye asishangilie. Hiyo 12.3 inatumika kutafuta kipimo cha kuanzia ambacho hakitamdhuru mtu wa kwanza kujaribiwa, na hata hapo unaanzia kwenye kile kipimo ambacho hakikumdhuru mnyama, kisha unagawa tena kwa 10 kwa tahadhari. Haisemi popote kwamba dawa itafanya kazi.

Mdogo wangu, kongosho za panya uliziharibu kwa kutumia nini? Na uzito wao siku ya 14 ulikuwaje?

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Moshi
Aloksani, sindano moja. Waliopewa majani walianza gramu 28 wakaishia 22. Wenye kisukari wasiopewa kitu, 28 kwa 25. Waliopewa glibenklamidi, dawa ya kisukari ya hospitali, 28 kwa 27, na sukari yao ilishuka hadi 10. Chakula sikupima.

Mfamasia, Shanty Town
Hapo sasa ndipo mhakiki alitakiwa aanzie, badala ya kugombana na neno "yanaweza".

Panya mwenye kisukari hukonda kwa sababu sukari inapotea kwenye mkojo na mwili unajila wenyewe. Ukimtibu kweli, kukonda kunapungua, kama walivyofanya wa glibenklamidi. Wako waliokunywa majani wamepoteza gramu 6 kati ya 28, zaidi ya moja ya tano ya mwili, wamekonda kuliko hata wasiotibiwa. Panya asipokula, sukari yake hushuka. Inawezekana majani yako ni machungu au yanawaumiza tumbo, wakaacha kula, na wewe ukapima njaa ukaiita tiba. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema takwimu zako haziwezi kutofautisha.

Dawa yake ipo: unapima chakula kila asubuhi, halafu unaongeza kundi la panya wenye kisukari wasiopewa majani, wanaolishwa kiasi kilekile walichokula jana yake wale wa majani. Sukari ikishuka sawasawa kwa makundi yote mawili, ulichopata ni njaa. Ikishuka zaidi kwa wa majani, una jambo.

Hilo la glibenklamidi nalo linasema kitu. Dawa hiyo haishushi sukari yenyewe, inazikamua seli za kongosho zitoe insulini. Kama imewasaidia panya wako, basi aloksani haikuua seli zote. Na zikibaki nyingi za kutosha, panya wengine hupata nafuu wenyewe siku zikienda. Kwa hiyo nitataka kuona kundi lisilotibiwa lilikuwa na sukari ngapi siku ya 14, siyo ile 18 ya siku ya kwanza.

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Moshi
13.

Mfamasia, Shanty Town
Basi umeona. 18 kwa 9 imegeuka kuwa 13 kwa 9. Bado ni tofauti, ila ndogo kuliko ulivyoitangaza.

Mwenye duka la dawa, Kiboriloni
Nimekubali hiyo 12.3. Ila sasa si mnathibitisha kwamba panya ni bure tu? Wateja wangu karibu wote wana kisukari cha utu uzima. Kongosho linafanya kazi, mwili ndio umegoma kusikia insulini. Huyu kachukua panya mzima akamuunguza kongosho. Ni ugonjwa mwingine.

Mfamasia, Shanty Town
Hapo umenena. "Bure" siikubali, penisilini mwaka 1940 kule Oxford ilianza kwa panya wanane tu, wanne wakapewa wanne wakanyimwa, na waliopewa wakapona. Lakini pale bakteria aliyekuwa ndani ya panya ndiye anayemuua mtu, na dawa ilikuwa inampiga bakteria, haimpigi panya. Ndiyo maana daraja lilikuwa fupi. Kwenye kisukari unatibu mwili wenyewe, na mwili wa panya uliounguzwa kwa sindano moja haufanani na wa mzee wa miaka 55 mwenye kitambi cha Kibosho.

Daktari wa mifugo, Arusha
Mimi nitoe la maabara, maana kuna watu wataona wamekwepa kwa kutumia seli badala ya panya. Mnakumbuka ile dawa ya minyoo, aivamektini, 2020? Watafiti wa Australia waliiweka kwenye seli zenye kirusi cha korona, kwa saa 48 chembe za kirusi zikapungua mara elfu kadhaa. Hapa mjini watu walikuja kwangu kununua ile ya kuchoma ng'ombe. Nimefukuza watu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kwenye kile chombo waliweka mikromola 5 kwa lita. Molekuli ya aivamektini ina uzito wa kama 875, kwa hiyo hizo ni nanogramu 4,375 kwa mililita. Mtu akimeza kipimo cha kawaida cha usubi, damu yake inafika kama nanogramu 50. Karibu mara 90 pungufu. Baadaye majaribio makubwa kwa watu, likiwemo la Brazili lililochapishwa 2022, hayakuona faida. Kwa hiyo ukiniletea makala ya seli, natafuta kwanza mstari wenye kipimo walichotumia, halafu natafuta damu ya mtu inafika wapi. Makala isiponipa hicho cha pili, neno "binadamu" nalifuta.

Mama wa Pasua
Metformini alikuwa anameza ndiyo. Na ugali tulimpunguzia, daktari alisema. Lakini majani yalisaidia, mimi ndiye niliyekuwa nampikia.

Mwandishi wa habari, Arusha
Niwatetee wanaosoma. Mimi nikiletewa makala nasoma kichwa na aya ya mwisho, na mhariri ananipa saa moja. Kuna uchambuzi wa 2021 wa makala za Alzaima zilizofanywa kwa panya: zile ambazo kichwa hakikutaja panya ndizo zilizozaa zaidi vichwa vya habari visivyotaja panya. "Yanaweza kutumika" ya huyu ndugu, gazetini itakuwa "Moshi wapata tiba ya kisukari", na mtu ataacha insulini. Sisi wa mkoa huu tuliiona foleni ya dawa ya Babu wa Loliondo kule Samunge mwaka 2011, kikombe shilingi 500. Kwa hiyo mimi naomba kitu kimoja tu: "panya" iwe kwenye kichwa.

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Moshi
Nimekubali. Naandika: "Kwa panya walioharibiwa kongosho kwa aloksani, majani yaliambatana na sukari ndogo kuliko kundi lisilotibiwa; lakini kwa kuwa waliopewa majani walikonda zaidi na chakula hakikupimwa, haijulikani kama sababu ni dawa au kula kidogo." Binadamu nimemwondoa.

Ila kuna jambo sikuwaambia. Nilikuwa na kundi la miligramu 800. Wawili kati ya sita walikufa siku ya 9. Sikuliweka kwa sababu sikulimaliza.

Mfamasia, Shanty Town
Hilo linaingia, tena mapema. Na hapa mimi mizani yangu inabadilika. Kwenye faida nakudai ushahidi wa mtu. Kwenye madhara sikudai. Watu wanakunywa majani haya leo Pasua na Majengo, kwa hiyo andika waziwazi kwamba kipimo kikiongezwa mara mbili tu panya walikufa, na watu wajihadhari.

Daktari wa mifugo, Arusha
Mheshimiwa, hapo hatuko pamoja. Huwezi kulifunga daraja kwa faida ukalifungua kwa madhara. Penisilini yako hiyohiyo inamuua simbilisi, inavuruga bakteria wa utumbo wake, na wangeanza na simbilisi leo tusingekuwa nayo. Halafu panya wawili kwenye dawa ya kunyweshwa kwa mrija! Mkono ukiteleza, mrija unaingia kwenye mapafu, panya anakufa kwa kuzama. Nimeona wanafunzi wakiua hivyo na kuita sumu. Walipasuliwa? Mapafu yalikuwa na majimaji? Ini je?

Mfamasia, Shanty Town
Simbilisi nakupa. Lakini mrija ukikosewa, kwa kawaida panya huhangaika palepale au hufa ndani ya siku moja. Kijana, walikufa baada ya kunyweshwa au asubuhi uliwakuta?

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Moshi
Niliwakuta asubuhi, wote wawili. Sikuwapasua. Walikwenda kwenye tanuru siku hiyohiyo.

Daktari wa mifugo, Arusha
Basi hatujui, na mimi onyo kwa watu silisaini.

Mfamasia, Shanty Town
Andika vifo, andika kwamba hawakupasuliwa. Onyo mwachie mhakiki aamue, mimi ningeliweka.

Mama wa Pasua
Hayo majani ni ya mti gani? Niambie faragha tu, mwanangu.