Msaada: asilimia za dodoso langu zikijumlishwa zinafika 175

Pembe_Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama, na Alhamisi nasimama mbele ya viongozi wangu na matokeo. Nilitengeneza dodoso kwenye fomu ya mtandaoni, wafanyakazi wenzangu 120 wakajibu, nikapakua majibu kwenye lahajedwali. Swali kuu lilikuwa unapata taarifa za kazini kwa njia gani. Kundi la simu limepata asilimia 65, barua pepe 60, mkutano 30, ubao wa matangazo 20. Nataka nichore chati ya duara, lakini jumla inanipa 175. Nimerudia hesabu mara nne na usiku wa jana sikulala. Kosa liko wapi?

Baba_Zawadi

Pole ndugu yangu, hilo dogo. Usigawe kwa 120. Asilimia 65 ya watu 120 ni 78, barua pepe ni 72, mkutano 36, ubao 24. Jumlisha, unapata 210. Sasa gawa kila moja kwa 210. Simu inakuwa 37, barua pepe 34, mkutano 17, ubao 11, na duara lako linajaa. Mimi hufanya hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mama_Jedwali

Baba Zawadi, tusubiri kidogo. Pembe_Nne, kwenye fomu mtu aliweka alama kwenye kiduara au kwenye kisanduku? Kwa maneno mengine, aliruhusiwa njia moja tu au zaidi ya moja?

Fundi_Saa

Hizi fomu zina mambo. Mimi niliwahi kukusanya maoni ya wanachama wa chama chetu, nikakuta watu wametuma mara mbili mbili. Mmoja alituma mara tano kwa sababu mtandao wake ulikuwa unakatika na kila mara alidhani haijaenda. Nilimgundua kwenye safu ya `Timestamp`, majibu matano yanayofanana ndani ya dakika sita. Angalia kama 175 yako haitokani na hapo.

Pembe_Nne

Asante kaka Fundi, hilo nililizuia, kila mtu aliingia kwa akaunti yake. Dada Mama_Jedwali, vilikuwa visanduku. Sikudhani lina uzito ndiyo maana sikulitaja. Majibu yalishuka hivi:

```
Timestamp,Muda kazini,Njia
12/03 08:14,Mpya,"Kundi la simu, Barua pepe"
12/03 08:21,Zamani,"Barua pepe, Mkutano"
12/03 08:22,Zamani,"Kundi la simu"
```

Mama_Jedwali

Hapo ndipo penye uzito wote. Mtu mmoja amechagua njia mbili, kwa hiyo anahesabiwa kwenye simu na kwenye barua pepe pia. Ile 175 ni sahihi kabisa. Inakuambia kwamba kwa wastani kila mtu alitaja njia 1.75. Usiitafutie dawa, maana haiumwi.

Hesabu ya Baba Zawadi si uongo, ila inajibu swali jingine. Asilimia 37 maana yake katika kila alama 100 zilizowekwa, 37 zilikuwa za simu. Kiongozi wako atakapouliza tukitangaza kwenye kundi la simu tutawafikia wangapi, jibu ni 65. Ukimpa 37 atadhani theluthi mbili ya watu hawalitumii kundi, na atafanya uamuzi juu ya picha isiyokuwepo. Chati ya duara ni ya kitu kimoja kilichokatwa vipande. Watu wako hawajakatwa vipande, wamepishana na kuingiliana. Chora chati ya mihimili, mhimili mmoja kwa kila njia, kipimo kianzie 0, na chini yake andika waziwazi kwamba mtu aliruhusiwa kuchagua zaidi ya njia moja.

Pembe_Nne

Nimekuelewa dada, ila kazi imeshakwenda mbali. Nilizitenganisha zile alama, kila moja ikakaa mstari wake, nikapata mistari 210, 150 kati yake ya wa zamani. Nikaweka `Pivot table` ya njia dhidi ya muda kazini. Ripoti nimeshaandika nusu, na pendekezo kubwa ni kwamba kundi la simu linategemewa zaidi na wafanyakazi wa zamani, kwa hiyo wapya wahamasishwe kujiunga. Katika 78 wanaolitumia, 44 ni wa zamani, asilimia 56. Wapya ni 34 tu. Hilo sidhani kama lina ubishi.

Mama_Jedwali

Wapya waliojibu ni wangapi kwa jumla, na wa zamani wangapi?

Pembe_Nne

Wapya 40, wa zamani 80. Kwenye barua pepe wapya ni 16, wa zamani 56. Lakini kwenye simu 44 si inazidi 34?

Mama_Jedwali

Inazidi kwa sababu wa zamani ni mara mbili ya wapya. Hata kama kundi la simu lingependwa sawasawa na wote, wa zamani wangeonekana wengi ndani yake. Gawa kila upande kwa watu wake:

- Kundi la simu: wapya 34 kati ya 40, asilimia 85, wa zamani 44 kati ya 80, asilimia 55.
- Barua pepe: wapya 16 kati ya 40, asilimia 40, wa zamani 56 kati ya 80, asilimia 70.

Pendekezo lako limegeuka juu chini. Wapya ndio wanaoishi kwenye kundi la simu, na mahali wanapokosekana ni kwenye barua pepe. Ungeenda Alhamisi ukawahimiza wajiunge na kundi ambalo wamo tayari.

Kwenye `Pivot table`, asilimia unaweza kuzitoa kwa safu, kwa mstari au kwa jumla yote, na zote zinaonekana nzuri machoni. Kabla hujachagua, jiulize unalinganisha nani na nani. Unalinganisha wapya na wa zamani, basi kila kundi lipate 100 yake. Na hiyo mistari 210 iache, kwa sababu mtu aliyechagua njia tatu ameshakuwa watu watatu, na jumla ya wa zamani itasomeka 150 badala ya 80. Rudi kwenye mistari ya watu wenyewe, hesabu hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,"Mpya",C:C,"*Kundi la simu*")
```

Zile nyota zinatafuta maneno hayo popote ndani ya seli. Hakikisha tu hakuna jibu jingine lenye maneno hayohayo. Kama kuna aliyejaza kwenye "Nyingine" akaandika "sipo kwenye Kundi la simu", naye atahesabiwa kuwa yumo.

Msema_Chembe

Jamani, mimi nasoma tangu juu na kuna kitu kinanikera. Watu 120 kamili. 40 na 80 kamili. Asilimia 65, 60, 30, 20, hakuna hata desimali moja. Mnamjua nani aliyetuma fomu kwa watu halisi akapata namba zilizonyooka hivi? Huyu ametunga data, au ametunga kisa chote atusumbue. Dada Mama_Jedwali unapoteza muda wako.

Kisima_Kirefu

Kama ni kweli ametunga, ni dhambi kubwa. Kuna watu watahamishwa, watanyimwa vifaa, kwa sababu ya tarakimu za mtu aliyekaa mezani peke yake. Mwandishi wa takwimu anashika amana. Vijana wa siku hizi wanataka matokeo kabla ya kazi.

Baba_Zawadi

Namba zikigawanyika vizuri si ushahidi. Ukiwa na watu 120, kila namba inayogawanyika kwa 6 inakupa asilimia isiyo na desimali nyingine zaidi ya .0. Na ile 30 ya wa zamani kwenye mkutano, ukigawa kwa 80, ni 37.5. Sasa hiyo si desimali?

Msema_Chembe

Baba, hiyo ya mkutano umeitoa wapi? Haijaandikwa popote kwenye uzi.

Baba_Zawadi

Alinitumia jedwali kwa ujumbe wa pembeni baada ya jibu langu la kwanza. Wapya 6, wa zamani 30.

Pembe_Nne

Sijatunga, na imeniuma kuambiwa hivyo. Ila nakiri kuna jambo sikulisema. Waliotuma fomu walikuwa 134. Kuna 14 waliacha swali la njia wazi, nikawafuta mapema kabisa, 120 ikabaki. Nilisoma mahali kwamba majibu yasiyokamilika huondolewa, na 120 ilikuwa rahisi kueleza. Faili la mwanzo ninalo, lina 134, na muda wa kutuma umetawanyika siku tisa.

Mama_Jedwali

Asante kwa kusema. Msema_Chembe, shaka yako imefanya kazi nzuri hata kama haikulenga penyewe.

Pembe_Nne, kwenye fomu uliweka kisanduku cha "sipati taarifa kwa njia yoyote"?

Pembe_Nne

Hapana. Sikuwaza kwamba yupo asiyepata kabisa.

Mama_Jedwali

Basi seli tupu ina maana mbili na huwezi kuzitofautisha kwa kuitazama. Mmoja aliruka swali, mwingine amelisoma, akakuta hakuna njia inayomhusu, akaendelea. Wa pili amekujibu kwa ukimya, na wewe umemfuta. Watazame hao 14 kwenye maswali yaliyofuata. Aliyejibu mengine yote hadi mwisho hakuchoka. Aliyeacha wazi kuanzia hapo hadi chini ndiye aliyeruka.

Pembe_Nne

Nimetazama mmoja mmoja. Watano wameacha karibu kila kitu. Tisa wamejibu yote isipokuwa hilo. Katika hao tisa, wanane ni wapya. Mmoja ameandika kwenye maoni ya mwisho: "nasikia mambo yakishapita".

Mama_Jedwali

Ukiwarudisha hao tisa kwenye kigawanyo, wapya wanakuwa 48 na wa zamani 81. Simu kwa wapya inashuka kutoka 85 hadi 71, kwa wa zamani inagusa 54. Tofauti bado ipo, ila imepungua. Na unapata tokeo ambalo hukuwa nalo kabisa: wapya wanane kati ya 48 huenda hawapati taarifa kwa njia yoyote.

Baba_Zawadi

Hapo mimi napinga. Unawawekea watu maneno mdomoni. Mmoja ameandika maoni, sawa, lakini hao wengine wanane? Mtu anaweza kuruka swali moja kwa bahati mbaya, kidole kikateleza kwenye simu. Mimi ningebaki na 40 na 80, niandike kwamba 14 hawakujibu.

Mama_Jedwali

Wangekuwa wametawanyika ningekubaliana nawe. Lakini wanane kati ya tisa ni wapya, wakati wapya ni theluthi tu ya waliojibu. Vidole havitelezi kwa kuangalia mtu ameajiriwa lini. Hata hivyo sina uthibitisho, na ndiyo maana nimeandika "huenda".

Kisima_Kirefu

Mfuate mmoja mmoja umuulize.

Pembe_Nne

Niliwaahidi kwamba majina hayatatumika, siwezi kuwafuata. Leo usiku nimefuta duara na lile pendekezo. Nimechora mihimili miwili miwili, wapya na wa zamani, kila njia. Chini nimeandika 40 na 80, na mstari wa pili unaoonyesha 48 na 81 pamoja na sababu yake. Bosi wangu amepiga simu anauliza duara liko wapi, anasema alishalizoea. Nimemwambia nitamweleza Alhamisi. Kesho naongeza kile kisanduku cha "sipati" na kuituma fomu upya kwa wapya peke yao, nione kama nane itajirudia.