Likizo na mbwa Lushoto: tupeane uzoefu

Wakuu, mwezi wa saba nataka kutoka Dar kwenda Lushoto siku nne na mbwa wangu, Popi. Ana miaka 9 na nyonga zimeanza kukaza. Tunataka mandhari na matembezi mafupi tu. Waliowahi kupanda na mbwa, njooni.

Mtu wa Soni: Nilikwenda na jike langu mwaka jana. Ukipiga simu nyumba ya wageni, usiulize tu kama mbwa anaruhusiwa, uliza atalala wapi. Mimi niliitikiwa vizuri, kufika naonyeshwa banda la mlinzi.

Kingine ni kona. Pale Mombo ukiacha barabara kuu, ni kupanda na kukata kona zaidi ya kilomita 30. Nilikuwa nimemlisha Chalinze. Akaanza kupiga miayo, akalamba midomo, mate yakamchuruzika hadi kifuani, kisha akatapika kitini. Safari ya kurudi sikumpa chakula saa 5 kabla, maji kidogo tu, tukapumzika Soni. Hakutapika.

Dogo wa Kimara: Kule ni baridi, kupe hawapo. Usipoteze hela ya dawa.

Mtu wa Soni: Baridi ni kweli, mbebee blanketi. Ila kupe wapo, hasa kwenye majani wanakopita ng'ombe. Nilitoa wawili kwapani na mmoja ndani ya sikio, mdogo kama punje ya mtama. Mpapase kila jioni.

Mama Tausi: Mimi wangu nilimwacha kwa jirani siku tano, akagoma kula mpaka niliporudi. Sirudii tena.

Popi na mimi: Pole, mama. Ndiyo maana naenda naye. Kwenye mwamba wa Irente ataweza kufika?

Mtu wa Soni: Kutoka mjini kwa miguu ni mbali kwa nyonga hizo, na kurudi ndiko kunakoumiza. Sogea na gari, mtembee kipande cha mwisho taratibu. Ukifika kwenye mwamba, kamba iwe fupi mkononi, maana chini ni korongo hadi Mazinde. Sisi tulikaa pale saa nzima, yeye kalala, mimi natazama mbuga. Kesho yake ukiona anainuka kwa shida, siku hiyo ni ya kukaa bustanini.

Bi Rehema: Mimi ni wa huko. Njia za mashambani ni nyembamba na wengi wetu ni Waislamu. Mate ya mbwa yakitugusa inabidi kujitwaharisha. Mkikutana na mtu, simama pembeni, umshike mbwa upande wa shambani, umsalimie mwenzio. Watoto nao wanaogopa.

Popi na mimi: Ahsante sana, bibi, nitazingatia. Nilitaka pia kupitia Mkomazi.

Mtu wa Soni: Hifadhi ya taifa, mbwa haingii. Iache.

Dogo wa Kimara: Na vidonge vya kuzuia kutapika je? Wangu alipewa, akalala njia nzima.

Mtu wa Soni: Mimi sikuvitumia. Kwa mbwa wa miaka 9 ningemuuliza daktari wa mifugo kwanza. Kuna aliyempa mbwa mzee?