Wasifu wa mwigizaji: safu tatu, miaka pembeni, au ule wa kuombea kazi?

BintiMsondo aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nimehitimu TaSUBa Bagamoyo, naigiza na ninaimba. Kuna kampuni ya jukwaani ya Marekani inatafuta waigizaji wanaoimba na kupiga ngoma, na wenzetu wa Nairobi nao wameita usaili wa mchezo wa jukwaani. Wote wanataka picha ya uso na wasifu wa ukurasa mmoja.

Nina sampuli tatu mbele yangu. Ya kwanza ni ile tunayoijua: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, elimu tangu shule ya msingi, uzoefu, wadhamini watatu. Ya pili ni ya Kimarekani: jina juu, halafu safu tatu zisizo na miaka. Ya tatu ni ya Waingereza, ambako kila mstari unaanza na mwaka.

Kazi zangu: mhusika mkuu katika mchezo wa wahitimu, ziara ya maigizo ya afya vijijini Mtwara na Lindi, sehemu nne za tamthilia ya televisheni, filamu mbili za YouTube, na siku mbili za kusimama kwenye umati wa filamu ya wageni. Kwenye muziki nimepiga msondo na kikundi chetu Ngome Kongwe, Unguja, na ninajifunza kupiga kanuni. Nitumie ipi?

Mtumishi_Dodoma:

Dada, usihangaike. Tumia ya kwanza, ambatanisha vyeti vilivyothibitishwa na cheti cha kuzaliwa, weka namba ya NIDA. Ukikosa kimoja hapo Ajira Portal hawakuiti. Na wadhamini wawe watu wanaopokea simu.

BintiMsondo:

Asante kaka, ila siombi uafisa utamaduni. Ni usaili wa kuigiza.

Mtumishi_Dodoma:

Aa, basi nimekurupuka. Ngoja wenyewe waje.

Steji_Kuu:

Mwenyewe nipo. Nimesimama jukwaani zaidi ya miaka kumi. Weka miaka, na kazi mpya ianze juu, vinginevyo watadhani unaficha kitu. Hiyo ziara ya vijijini itoe, ni mambo ya mashirika, siyo sanaa ya kweli. Badala yake weka filamu ya wageni, ndiyo itakayowashtua. Na mchezo wa chuo usiuweke kabisa.

MezaYaUsaili:

Steji_Kuu, kwenye miaka uko sawa nusu. Mengine nakupinga.

Mimi nakaa upande wa pili wa meza. Kwenye usaili wa siku moja wasifu unasomwa wakati mtu anatembea kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba. Jicho linatafuta mambo matatu tu: ameigiza nini, alikuwa nani ndani yake, na nani alimwongoza au wapi. Mmarekani ana safu tatu kwa sababu hiyo. Hapangi kwa miaka, anapanga kwa uzito, kazi kubwa ikae juu hata kama ni ya zamani. Ukiwa New York jukwaa linatangulia filamu, ukiwa Los Angeles filamu inatangulia jukwaa. Mwingereza amezoea orodha ya waigizaji ya Spotlight, iliyoanza 1927, ambako mwaka unakaa mwanzoni na baada yake jina la mhusika, mchezo, kampuni na mwongozaji. Kwa hiyo hakuna sampuli iliyo bora peke yake. Wamarekani wapelekee safu tatu, na Nairobi yoyote kati ya hizo mbili itasomeka. Ile ya kwanza waachie waajiri.

Sasa kazi zako. Ningezipanga hivi:

| MICHEZO YA JUKWAANI | | |
|---|---|---|
| (jina la mchezo) | jina la mhusika (mkuu) | Ukumbi wa TaSUBa, Bagamoyo / mwongozaji |
| (jina la igizo la afya) | wahusika mbalimbali | ziara ya Mtwara na Lindi / kampuni |
| TELEVISHENI NA FILAMU | | |
| (jina la tamthilia) | mhusika wa kurudi, sehemu 4 | kituo / mwongozaji |
| (filamu ya kwanza) | mhusika mkuu | mtayarishaji / mwongozaji |
| (filamu ya pili) | mhusika msaidizi | mtayarishaji / mwongozaji |

Angalia safu ya katikati. Jukwaani unaandika jina la mhusika, kwa sababu mchezo unarudiwa na watu wengi na msomaji huenda anamjua huyo mhusika. Kwenye kamera Wamarekani wanaandika ukubwa wa nafasi, maana jina "Asha" halimwambii chochote mtu ambaye hajaona tamthilia yako. Kwa mtindo wa Kiingereza unaandika jina la mhusika kote kote. Hapo ndipo watu wanapochanganya, na mwenye kusoma anajua mara moja kwamba karatasi imenakiliwa bila kueleweka.

Umati wa filamu ya wageni utoke. Jina lako halimo kwenye orodha ya waigizaji, na mtu akiliuliza utajibu nini? Mchezo wa chuo ubaki, ulikuwa mkuu na ukumbi unajulikana. Ukishapata kazi tatu nne za kulipwa, utahamia chini kwenye mafunzo.

Nyota_ya_Lindi:

Na ile ziara jamani! Mimi nilikuwa kwenye kazi kama hiyo. Waigizaji watano, mwenzangu akawa mganga, diwani, mke mdogo na mbuzi ndani ya onyesho moja, chini ya mwembe, bila kipaza sauti, na watu mia mbili wanajibizana na wewe. Anayesema hiyo siyo sanaa aje ajaribu.

Steji_Kuu:

Sikusema ni rahisi. Nasema wazungu hawaielewi.

MezaYaUsaili:

Wataielewa ikiandikwa vizuri. Usiandike "kampeni ya uelimishaji". Andika "wahusika mbalimbali", "ziara", na majina ya mikoa. Kampuni inayotafuta watu wa kuigiza, kuimba na kupiga ngoma wenyewe inatafuta hasa mtu aliyezoea kubadilisha wahusika bila kutoka jukwaani.

Na kwenye filamu za YouTube, idadi ya watazamaji isikaribie karatasi. Weka kiungo cha video fupi, dakika mbili hivi, uso wako uonekane ndani ya sekunde za mwanzo.

KanuniNaUdi:

Naongezea la muziki, niko Unguja. Shikamoo wakubwa. Wasifu wa mwanamuziki si huo. Kwetu ala inakaa chini ya jina, kisha umefundishwa na nani, umepiga na kundi gani, kumbi na matamasha, halafu rekodi na ala uliyopiga humo. Mtu aliyesoma Dhow Countries Music Academy anaitaja mapema, kwa sababu kwenye taarabu watu wanauliza mwalimu kabla hawajauliza jukwaa.

Lakini dada, wewe unaomba uigizaji. Usichanganye karatasi mbili. Msondo uweke kwenye sehemu fupi ya "muziki", mstari mmoja: msondo, jina la kikundi, Ngome Kongwe, Zanzibar. Kama onyesho lilikuwa la Sauti za Busara taja tamasha, kama lilikuwa la hoteli au harusi basi ukumbi peke yake unatosha, usiwaache wadhani. Kanuni bado unajifunza? Iache. Ina nyuzi sabini na kitu, mtu akikukabidhi na kusema "tusikilize" utaanza kwa kutafuta urari wa nyuzi, na huo peke yake unamaliza muda wako wa usaili.

KibodiMuscat:

Mimi napiga kibodi hotelini Muscat mwaka wa tano. Mawakala wa Ghuba hawasomi mafunzo kabisa. Wanataka video ya jukwaani isiyokatwakatwa, picha ya mwili mzima, na orodha ya nyimbo, Kiarabu ngapi, Kiingereza ngapi. Kaka yangu alituma karatasi nzuri yenye vyuo viwili hakujibiwa, nilipomwambia atume orodha ya nyimbo na video wakampigia wiki hiyohiyo. Kwa hiyo dada weka nyimbo zako.

KanuniNaUdi:

Hiyo ni ya bendi ya hoteli, kaka. Kwenye mchezo wa jukwaani watamwambia aimbe wanachotaka wao.

BintiMsondo:

Nimeelewa. Sasa juu kabisa, chini ya jina, niweke nini? Na ujuzi wa ziada nimeandika: kuogelea, kuendesha gari, ngoma za asili, lugha, kuendesha farasi, lafudhi.

MezaYaUsaili:

Juu: jina, simu, barua pepe, urefu, sauti. Umri na ndoa toa. Mtindo wa Kiingereza unakubali "umri wa kuigiza", mfano 20–30, nao uwe wa kweli mbele ya kioo. Sauti usiandike "nzuri". Andika aina na mipaka: mezo-soprano, A3 hadi E5, kama hapo ndipo unapofika kila siku, hata asubuhi yenye mafua.

Ujuzi wa ziada ni sehemu inayowaumbua wengi, maana ndiyo pekee inayoweza kujaribiwa papo hapo. "Ngoma za asili" halisemi kitu. Andika sindimba, mdundiko, chochote unachocheza kweli, na msondo unaopiga. "Lugha" zitaje: Kiswahili, Kimakonde, Kiingereza. Lafudhi pia: kwa Nairobi, mtu anayeweza kuhama kutoka Kiunguja kwenda Kimvita ana thamani, kwa Wamarekani haina maana. Farasi umepanda wapi?

BintiMsondo:

Bagamoyo ufukweni, nilipigwa picha juu yake 😅

MezaYaUsaili:

Toa.

Wambui_Stage:

Hamjambo, naandika kutoka Nairobi. Mimi ningeweka miaka hata kwa safu tatu, hasa ukiwa mchanga kwenye fani. Huku watayarishaji hukuuliza ulifanya nini baada ya chuo, na pengo huonekana tu. Halafu jambo la karatasi: A4 yetu ni ndefu kuliko picha ya inchi 8 kwa 10. Wamarekani wakitaka nakala mkononi, wasifu hukatwa ulingane na picha na kubanwa nyuma yake kwa stepla, vinginevyo inachungulia chini na kukunjika. Kwa barua pepe tuma PDF, jina la faili liwe jina lako, si "sivi mpya mpya 2".

MezaYaUsaili:

La faili naunga mkono kwa miguu yote. La miaka sikubali, kwa safu tatu inajaza karatasi na inawafanya wahesabu badala ya kusoma.

Wambui_Stage:

Basi tutabaki hapo, mzee. Mimi hupenda kujua.

BintiMsondo:

Nitatengeneza mbili: ya Marekani bila miaka, ya Nairobi na miaka. Swali la mwisho: kwenye tamthilia nimeandikwa kwa jina la kisanii, kwenye pasipoti ni jina lingine. Juu niweke lipi?

Steji_Kuu:

La pasipoti. Wakikuchukua kuna viza.

MezaYaUsaili:

La kisanii, ndilo watakalolikuta wakiitafuta hiyo tamthilia. La pasipoti liende kwenye barua pepe siku watakapoomba nyaraka za safari.

KibodiMuscat:

Huku walinichelewesha mwezi mzima kwa majina kutofanana. Mimi niko na Steji_Kuu.